Ujumbe wa mkurugenzi wa kuwaaga wafanyakazi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu hapa Tanga ni kuhariri barua na hotuba za watu wa maofisini. Kati ya zote, inayoletwa kwangu ikiwa na matatizo mengi kuliko urefu wake ni ile ya mkurugenzi mtendaji anayeondoka. Majibu yaliyo hapa chini nimeyajenga juu ya ujumbe mmoja nilioufanyia kazi, wa kampuni yenye shamba la mkonge na kiwanda chake upande wa Muheza, ofisi zake zikiwa mjini. Mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Mkurugenzi ameniletea kurasa mbili. Naanzia wapi?

Usianze na kalamu. Anza kwa kujiuliza nani atausoma, na atausomea wapi. Kwenye kampuni ile, watu wa ofisini wangeupata kwa barua pepe. Wa kiwandani wangeuona umebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, wakiwa wanaingia zamu ya asubuhi, mwenzao mmoja akiusoma kwa sauti na wengine wakisikiliza nyuma yake. Wakata mkonge wangeupata kwenye simu ya mnyapara, kwenye kundi la WhatsApp, wakiwa wameshafika shambani. Hakuna hata mmoja kati yao anayeusoma amekaa kwenye kiti na kikombe cha chai.

Na wote wana maswali yaleyale kichwani kabla ya kufika mstari wa pili: anaondoka lini, nani anakuja, na mimi kazi yangu vipi? Mpaka yajibiwe, shukrani zote zinapita juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo habari huja kwanza. Watu wakishatulia, watakuwa tayari kuusikia moyo wake.

Uwe na urefu gani?

Maneno kama 150, yasizidi 200. Usomwe kwa sauti bila msomaji kupumzika katikati, na kwenye simu usihitaji kusukumwa juu zaidi ya mara mbili au tatu. Ule wa kwanza niliopewa ulikuwa na maneno zaidi ya 600.

Tuonyeshe ulivyoanza.

Aya ya kwanza ilikuwa hii:

> «Napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Wahenga walisema, kila lenye mwanzo halikosi mwisho. Ni kwa moyo mzito lakini wenye furaha ninawajulisha kwamba safari yangu nanyi, iliyojaa milima na mabonde, imefikia tamati. Kwa pamoja, bega kwa bega, tumelisukuma gurudumu la maendeleo na kupata mafanikio lukuki licha ya changamoto mbalimbali.»

Aya ya pili ilieleza jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoleta miche ya mkonge mwaka 1893. Ni habari ya kweli na mkurugenzi anaipenda sana, lakini alikuwa anawasimulia watu wa Tanga mambo ya mkonge. Wengi wao babu zao waliukata. Zikafuata aya mbili za takwimu za uzalishaji, aya ya kuwashukuru wajumbe wa bodi mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na tarehe ya kuondoka ikajificha mstari wa tatu kutoka mwisho. Jina la mrithi halikuwemo kabisa.

Sikumlaumu. Mtu mwenye uchungu wa kuondoka hukimbilia maneno yaliyokwisha kutumika, kwa sababu yanamsaidia kupita mahali panapouma bila kupagusa.

Nitajuaje kwamba neno limechakaa?

Funika jina la kampuni kwa kidole. Sentensi ikiwa inaweza kusomwa kwenye benki, hospitali au chama cha ushirika bila kubadilisha herufi, imechakaa. «Tumepata mafanikio lukuki licha ya changamoto» inaingia popote. «Mwaka ule mashine ilipokaa wiki tatu bila kipuri» inaingia kwao tu.

Lakini usiishie kufuta. Hapa ndipo wahariri wengi wanapokosea: wanafuta maneno yaliyochoka, wanabaki na tangazo kavu kama la kukatika kwa umeme, halafu wanajiuliza joto limekwenda wapi. Chini ya kila neno lililochakaa kuna jambo alilolikusudia mwenyewe. Nilimuuliza, «Hii milima na mabonde, mlima wenyewe ulikuwa upi?» Alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Mshahara uliochelewa.» Hilo halikuwemo popote katika maneno yake 600. Nitalirudia hapo chini.

Mazungumzo na mkurugenzi yaweje?

Nusu saa inatosha, ana kwa ana, bila kompyuta mbele yake. Akiwa na karatasi yake mkononi atakusomea. Mwombe aiweke kando, kisha muulize vitu vinavyojibika kwa kisa: ni siku gani hapa kazini huwezi kuisahau? Nani alikufundisha jambo ambalo hukulijua? Nini kinakusumbua kwamba hukukifanya vizuri? Jumatatu ya kwanza ukiwa nyumbani, utakitamani nini?

Andika anavyosema, kwa maneno yake. Huyu, kwenye karatasi, alikuwa mtu wa «fursa adhimu». Kwa mdomo akaniambia hivi: «Nilipofika sikujua kitu. Fundi mkuu wa korona akaniweka pale pembeni asubuhi nzima. Akaniambia, bosi, wewe sikiliza tu. Korona ikianza kuumwa, sauti ndiyo inatangulia.» Korona, kwa asiyeijua, ni mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi zake, yaani singa.

Kisha akanisimulia mchana mmoja wa masika. Singa zilikuwa zimetandazwa kwenye nyaya za kuanikia, safu baada ya safu, nyeupe, karibu kukauka. Wingu likatokea upande wa baharini. Singa iliyoanikwa ikinyeshewa hubadilika rangi, daraja linashuka, na bei inashuka nalo. Akatoka ofisini mbio na shati lake jeupe, akakuta watu wa brashi, yaani wanaosugua singa zilizokauka, wa karakana na wa jikoni wameshaanza kuanua. Yeye akawa anakumbatia mzigo kifuani, unamkwaruza shingo na kumponyoka. Mama mmoja wa brashi akamnyang'anya, akaukunja katikati, akamwekea begani: «Hivi, baba. Si mtoto huyo.» Aliponisimulia alicheka mpaka akavua miwani.

Hapo nikajua ujumbe tunao. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchagua.

Kwa nini msiweke takwimu za mafanikio?

Kwa sababu aliyekata majani hayo anajua alivyoyakata. Takwimu ni za ripoti ya bodi, na huko zina heshima yake. Kwenye kuaga, namba ndefu inasikika kama mtu anayejipimia mwenyewe. Namba ninayoibakiza ni ile iliyoshikamana na kisa: miaka aliyokaa, siku ambazo mshahara ulichelewa.

Neno «familia» lina ubaya gani?

Lenyewe halina ubaya, na mtu anaweza kulisema kwa moyo kabisa. Ila uliza kwanza: kuna watu waliopunguzwa kazi katika kipindi chake? Kama wapo, ndugu na majirani zao bado wako kazini na wataisoma barua hiyo. Wanajua kwamba mtoto wa nyumbani hapewi notisi. Kwenye kampuni ile walikuwa wamepunguzwa watu miaka minne nyuma, na mmoja alikuwa mume wa mpishi wa kantini. Tukaliondoa. Mahali pake pakakaa mchana ule wa mvua, na kila aliyekuwepo anajua ulivyokuwa bila kuambiwa ni familia.

Na methali? Sisi Waswahili tutaagaje bila methali?

Methali moja iliyokaa mahali pake haina shida. Shida ni ile inayowekwa mlangoni ili mwandishi apate pa kuingilia. Jaribu kuifuta: kama hakuna kilichopungua, haikuwa na kazi.

Kuomba radhi si udhaifu? Na si maneno yaleyale ya kila siku, «kama kuna niliyemkosea anisamehe»?

Swali hili ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni nilijibu kwa urefu.

Kwetu pwani mtu haondoki hivi hivi. Anayekwenda Hija, anayehama mtaa, hata anayesafiri safari ya mbali, hupita kwa majirani kuombana radhi. Ni adabu ya zamani na ina maana kubwa. Mkurugenzi akiondoka bila neno la namna hiyo, wazee wa kiwandani wataona pengo, hata kama hawatalisema. Kwa hiyo sishauri kabisa kuliondoa.

Linaloliharibu ni lile «kama». «Kama kuna niliyemkosea» ina maana kwamba yeye hamjui, hivyo aliyekosewa ndiye ajitokeze. Kwenye kuagana kwa jirani na jirani haidhuru, maana mnatazamana usoni na mkono umeshikwa. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mkono haupo. Inabidi kosa litajwe.

Nikarudi kwenye mshahara. Mwezi mmoja mnunuzi wa nje alichelewesha malipo, na mishahara ikachelewa siku 11. Mkurugenzi alijua siku tatu kabla. Badala ya kushuka kiwandani, alimwachia mhasibu aandike tangazo la mistari miwili. Watu walikopa madukani. Watoto wa baadhi yao walirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango. Mwenyewe aliniambia kinachomuuma ni kwamba hakwenda kusimama mbele yao, maana kuchelewa kwenyewe kusingeweza kuzuilika. Basi hilo ndilo la kuandika: kosa ambalo ni lake kweli, kwa sentensi mbili, bila utetezi. Niliona rasimu yake ikirefuka ghafla: mnunuzi, benki, bei ya dunia. Tukayatoa yote. Maelezo yakifuata radhi, huila.

Kuna mpaka hapa. Kama jambo lenyewe liko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au mtu ametishia kulipeleka huko, mwanasheria wa kampuni aione sentensi hiyo kabla haijatoka. Akisema isiandikwe, chagueni kosa jingine la kweli. Msirudi kwenye «kama».

Tuwataje watu kwa majina?

Majina yanatia joto haraka na yanaumiza haraka vilevile. Ukitaja kumi, wa kumi na moja atajitafuta. Mimi hutaja mmoja au wawili, na kwa jambo walilolifanya, si kwa cheo. «Namshukuru meneja uendeshaji kwa ushirikiano wake» inamfanya kila meneja ahesabu nafasi yake. «Fundi mkuu alinifundisha kusikiliza mashine» haimnyimi mtu yeyote, kwa kuwa ni kisa.

Omba ruhusa ya anayetajwa. Mama wa brashi alikataa jina lake kuandikwa, akasema wanaojua wanajua. Wajumbe wa bodi tuliwaandikia barua yao tofauti.

Tuseme sababu ya kuondoka?

Ikiwa inasemeka, iseme kwa sentensi moja. Ikiwa haisemeki, nyamaza. Usiandike «kwenda kutafuta changamoto mpya». Watu hutafsiri mara moja kwamba kuna jambo linafichwa, na jioni ileile kijiweni litakuwa limepata miguu. Mkurugenzi aliyeondolewa na bodi anaweza kuaga vizuri tu kwa kutaja tarehe, jambo analolikumbuka na shukrani, bila kudai kwamba kuondoka ni wazo lake.

Tunaweza kuwaahidi wafanyakazi kwamba hakuna kitakachobadilika?

Hapana. Anayeondoka hana mamlaka juu ya kesho. Anaweza kusema kilichokwisha kuamuliwa na bodi, na kwa maneno ambayo bodi imeyaona. Kwenye ujumbe wetu kuna sentensi kuhusu mikataba na siku ya mshahara; ile ilipitishwa kwa maandishi na mwenyekiti wa bodi na mkuu wa utawala. Wasingeipitisha tungeiacha, tukamtaja mrithi na siku atakayokutana na wafanyakazi, basi.

Kama hisa za kampuni zinauzwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwulize katibu wa kampuni saa ya kutuma. Taarifa ya umma haipaswi kupitwa na picha ya ubao wa matangazo inayozunguka kwenye simu.

Mkurugenzi wetu ameandika kwa Kiingereza, anataka tutafsiri.

Mwombe akuambie kwa Kiswahili, uandike upya kutoka hapo. Tafsiri ya ujumbe wa kuaga huwa na mifupa ya lugha nyingine, na msomaji huisikia hata asipoweza kuionyesha. Wageni wakiwepo kazini, wao ndio watafsiriwe.

Tuanze na «Wapendwa», «Ndugu wafanyakazi» au «Wanafamilia»?

Anavyowaita akisimama mbele yao. Huyu husema «ndugu zangu», basi ikawa hivyo.

Tuone ulivyomalizika.

> Ndugu zangu,
>
> Ijumaa tarehe 29 Agosti itakuwa siku yangu ya mwisho kazini. Kuanzia Jumatatu tarehe 1 Septemba kazi hii ataifanya meneja uzalishaji wetu, aliyeteuliwa na bodi. Mikataba yenu, zamu na siku ya mshahara zinabaki kama zilivyo.
>
> Nilipokuja miaka tisa iliyopita sikujua kutofautisha singa nzuri na mbaya. Fundi mkuu wa korona alinisimamisha kando ya mashine asubuhi nzima, akaniambia nisikilize tu. Mpaka leo nikipita pale, masikio yangu ndiyo yanayotangulia.
>
> Siusahau mchana ule wa masika, wingu lilipotokea na singa zote ziko kwenye nyaya. Hakuna aliyeitwa. Brashi, karakana, jikoni, ofisini, wote mlitoka mbio. Mama mmoja akanifundisha kubeba mzigo begani. Tuliziokoa karibu zote.
>
> Lipo nililolikosea. Mshahara ulipochelewa siku kumi na moja, nilituma tangazo badala ya kuja mwenyewe kuwaambia. Naombeni radhi.
>
> Sasa narudi Pangani kwa mama yangu, ambaye amenisubiri vya kutosha. Alhamisi tarehe 28, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, nitakuwa chini ya mwembe wa kantini. Anayependa tuagane aje.
>
> Asanteni.

Tazama shukrani ilivyo. Neno lenyewe limekaa mwisho peke yake, kwa sababu aya mbili za katikati zimeshashukuru. Tazama pia ule mwembe. Rasimu ya kwanza ilisema «milango yangu iko wazi daima», wakati mlango wenyewe ulikuwa unakabidhiwa kwa mwingine. Mahali na saa ni mwaliko ambao mtu anaweza kuufuata kwa miguu yake.

Mkurugenzi akisema ni mfupi mno, haumpi hadhi?

Atasema hivyo. Msomee yote mawili kwa sauti, mwanzo wake na huu, bila kutetea lolote. Kisha mwambie asome mwenyewe ule mpya. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kubadilisha: ama neno si lake, ama sentensi ni ndefu kuliko pumzi yake. Huyu alikwama kwenye «mama yangu», akatazama dirishani. Hatukubadilisha kitu pale.

Akitaka kurudisha jambo, mrudishie moja, lakini litoe jingine la urefu huohuo. Alitaka sana Hindorf arudi. Tulikubaliana ampeleke kwenye hotuba ya chakula cha jioni na bodi.

Utumwe lini na vipi?

Mameneja na wanyapara waambiwe ana kwa ana asubuhi hiyohiyo, nusu saa kabla, ili wasiulizwe jambo wasilolijua. Kisha barua pepe, ubao na WhatsApp kwa pamoja. Siku ya Ijumaa jioni haifai, maana watu watakwenda nyumbani na maswali hadi Jumatatu. Sisi tulichagua Jumanne, wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Kwenye WhatsApp uandikwe moja kwa moja, usiwe faili la kufungua. Simu nyingi za shambani zina kifurushi kidogo. Kwenye ubao, herufi ziwe kubwa za kusomeka hatua mbili nyuma, na karatasi iwekwe kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.

Majibu ya wafanyakazi yashughulikiwe vipi?

Mkurugenzi ajibu mwenyewe, hata kwa mstari mmoja, na usimwandikie. Wengi hawataandika kitu, na hilo lisimtie hofu. Alhamisi ile, kabla ya saa sita, mtu alikuwa ameshapanga viti vya plastiki chini ya mwembe. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa brashi, na begani alikuwa na fungu la singa, limekunjwa katikati.